Uzi: Miguu ya Papa inawaka moto usiku, lakini maji ya moto yamemuunguza bila yeye kuhisi (Bukavu)

Binti_wa_Kadutu

Wandugu, naomba mawazo ya wanaoujua ugonjwa huu kwa karibu. Papa yangu ana miaka 67 na amekuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Anakunywa metformini asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamidi. Tangu mwaka jana miguu yake yote miwili inawaka moto kuanzia vidoleni hadi juu kidogo ya vifundo, na usiku hali huwa mbaya zaidi, kiasi kwamba hata shuka likimgusa analisukuma pembeni. Mchana analalamika jambo jingine kabisa: anasema anahisi amevaa soksi nene, ilhali yuko peku.

Kituo cha afya kilimpa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja kila usiku. Moto ulipungua kidogo, lakini akawa anapata kizunguzungu kila akiamka kwenda msalani, kinywa kikakauka, na mkojo ukaanza kutoka kwa shida, matone matone. Akaiacha mwenyewe bila kuuliza mtu. Ndipo jirani alipomshauri aloweke miguu katika maji ya moto yenye chumvi. Jioni moja ya mvua akafanya hivyo, maji yakiwa yametoka mbabula na kumiminwa kwenye beseni, naye akasisitiza kwamba ni ya uvuguvugu tu. Kesho yake nikaona soksi yake ya kulia imelowa. Nilipoivua nilikuta malengelenge mawili, moja chini ya kidole gumba na jingine pembeni mwa unyayo, na la pili lilikuwa limekwisha kupasuka. Yeye hakuwa amesikia chochote.

Nina maswali mawili. Inawezekanaje mguu unaolia moto usiku kucha usihisi moto wa kweli? Na kama amitriptilini haimfai, kuna dawa gani nyingine?

Papa_wa_Nguba

Pole sana, binti yangu. Mimi pia miguu ilinisumbua mwaka juzi, ikawa imevimba mpaka viatu haviingii. Nilipewa dawa ya kukojosha na nikaacha chumvi, uvimbe ukaisha. Mwambie mzee apunguze chumvi na ainue miguu juu ya mto anapolala.

Binti_wa_Kadutu

Asante, Papa, lakini miguu yake haijavimba hata kidogo. Ni mikavu, imepasuka visigino, na ukiitazama juu juu huwezi kujua kwamba inamuuma.

Muuguzi_Himbi

Dada, ninafuatilia wagonjwa wa kisukari hapa Goma, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo. Hata hivyo, kabla ya dawa ya maumivu, huo unyayo uonwe na mtu wa afya leo, usingoje kesho. Lengelenge lililopasuka chini ya mguu usiohisi ni mlango wazi, na Papa ataendelea kuukanyagia kwa sababu hakuna kitu kinachomwambia asiukanyage. Usipasue lile lililobaki. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese wala asali ya nyumbani. Funika kwa chachi safi, apunguze kutembea, na umuulize muuguzi kama chanjo yake ya pepopunda bado inafanya kazi. Ukiona wekundu unaotambaa kuelekea juu ya mguu, usaha, harufu, homa, au sukari inayopanda bila sababu, basi hiyo si kazi ya kituo kidogo tena, mpeleke hospitali.

Kuhusu swali lako la kwanza, mambo hayo mawili yanatoka kwenye hitilafu moja. Kisukari kinaharibu neva zilizo ndefu kuliko zote kwanza, ndiyo maana kinaanzia vidoleni na kupanda juu kwa miguu yote miwili sawasawa. Nyuzi nyembamba za neva ndizo zinazobeba habari ya joto na ya maumivu. Zikiugua, zinafanya makosa ya aina mbili kwa wakati mmoja: zinapiga kelele wakati hakuna kitu, na zinanyamaza wakati kitu kipo. Kwa hiyo Papa hakudanganya aliposema maji yalikuwa ya uvuguvugu; kwa neva alizo nazo, yalikuwa ya uvuguvugu kweli. Wagonjwa wengi wanaoungua ni hawa hawa ambao miguu yao inawaka, kwa sababu wao ndio wanaohangaika usiku kutafuta kitu cha kuituliza.

Kuhusu dawa, niambie kwanza mambo matatu: ana shida ya tezi dume? Amewahi kupimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo? Ana uzito gani?

Mwalimu_Bagira

Naheshimu maneno ya Muuguzi, ila mimi ninayo njia iliyonisaidia. Nilichomwa sindano za vitamini B, zile nyekundu, na ganzi ya miguu ikaisha. Neva zinakula vitamini B, kila mtu anajua hilo, kwa hiyo mzee aanze sindano badala ya hizi dawa za usingizi. Na maji yenye chumvi si mabaya, mradi yawe ya uvuguvugu, kwa kuwa yanafungua mishipa ya damu.

Muuguzi_Himbi

Mwalimu, katika hayo kuna nusu iliyo sahihi kabisa. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo peke yake unaleta ganzi na moto wa miguu unaofanana na huu. Mtu wa namna hiyo akipewa B12 anapata nafuu ya kweli, na pengine wewe ulikuwa mmoja wao. Papa wa dada yetu anastahili kuchunguzwa hilo, na kama hakuna maabara inayoipima, daktari anaweza kuamua kumpa B12 kwa majaribio. Lakini kwa mtu ambaye vitamini hiyo haijapungua, sindano haitazima moto. Na zile zilizochanganywa zina B6, ambayo ikitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu inaharibu neva zenyewe. Tumewaona watu wanaochomwa miezi na miezi kwa ajili ya ganzi, na ganzi inazidi.

Kuloweka sikubaliani nako kabisa. Mtu anayepaswa kusema haya ni ya uvuguvugu ndiye asiyeweza kujua. Tena maji ya muda mrefu yanalainisha ngozi katikati ya vidole, fangasi wanaingia, na baada yao vidudu vingine.

Binti_wa_Kadutu

Tumetoka hospitali. Kidonda kimesafishwa na kufungwa, wamempa pia dawa ya kuua vidudu, na tutarudi kubadilisha bendeji. Daktari amethibitisha kwamba tezi dume imekua, hivyo amesema amitriptilini isirudi. Kreatinini ni miligramu 1.5 kwa desilita, uzito ni kilo 62. Ametaja gabapentini, lakini amesema atatupangia kiasi wiki hii baada ya kupata majibu mengine. Je, hiyo kreatinini ni mbaya? Kwenye karatasi imeandikwa juu kidogo tu ya kawaida.

Muuguzi_Himbi

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa sababu namba ndogo kama hiyo kwa mzee mwembamba inaficha mengi. Kuna hesabu ya zamani ambayo daktari wako ataifanya. Unachukua 140, unatoa umri, unazidisha kwa uzito, kisha unagawa kwa 72 mara kreatinini. Kwa Papa ni hivi: 140 kutoa 67 ni 73, 73 mara 62 ni 4526, 72 mara 1.5 ni 108. Ukigawa unapata takriban 42, yaani figo zinachuja mililita 42 kwa dakika. Kijana mwenye figo nzima anachuja zaidi ya 90.

Gabapentini inatoka mwilini kwa njia ya figo peke yake. Kwa mtu mwenye figo nzima tunaanza na miligramu 300 usiku, tunapanda polepole hadi mara tatu kwa siku, na wengine wanahitaji 1800 au zaidi. Kwa figo zinazochuja kati ya 30 na 59, kiasi cha siku nzima kinabaki kati ya 400 na 1400, kikigawanywa mara mbili. Kwa hiyo usishangae daktari akimwanzishia 300 usiku tu, halafu baada ya siku kadhaa 300 asubuhi na 300 usiku, na kukaa hapo kwanza. Akipewa dozi ya jirani yake mwenye figo nzima, dawa itajikusanya, na utamwona analala mchana, anayumba, anaongea kama mlevi. Pregabalini ni ndugu yake na ina sharti hilo hilo la figo.

Kuna pia duloksetini, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye maumivu haya. Ila nayo inaweza kuzuia mkojo kwa baadhi ya watu, haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini, na kwetu huku haipatikani kirahisi.

Jambo la pembeni, lakini muulize daktari: kwa figo za 42, metformini kwa kawaida hupunguzwa isizidi gramu moja kwa siku, na glibenklamidi inaweza kumshusha sukari usiku kwa sababu nayo inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mzee anayeamka akiyumba si lazima awe ameyumbishwa na dawa ya maumivu. Mpimeni sukari wakati huo huo.

Fundi_Katuba

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi nina miaka 54, nina kisukari na moto huo huo. Sijawahi kuandikiwa gabapentini. Ninakunywa tramadoli ninayoinunua sokoni, na usiku ninaongeza amitriptilini nusu kidonge. Nalala vizuri. Kwa nini watu wahangaike na hesabu za figo?

Muuguzi_Himbi

Papa, mchanganyiko huo unaniogopesha zaidi ya kitu chochote kilichoandikwa kwenye uzi huu. Tramadoli na amitriptilini zikikutana zinaweza kuleta kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka, na zinaweza kuleta mtetemeko, jasho, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Kwa mwenye kisukari, tramadoli inaweza pia kushusha sukari. Tena mwili unaizoea, ukihitaji zaidi kila baada ya muda. Tunaitumia mara chache, kwa muda mfupi, mengine yakishindikana. Usiikate ghafla kama umeitumia kwa muda mrefu. Nenda kwa daktari akushushe kidogo kidogo. Ya sokoni huwezi kujua hata imebeba nini ndani.

Nusu kidonge cha amitriptilini, kwa upande wake, si kosa. Kwa mtu asiye na shida ya tezi dume, ya moyo wala ya shinikizo la macho, ndiyo dawa tunayoanza nayo mara nyingi, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila mahali. Tunaanza na miligramu 10 au hiyo nusu ya 25, saa mbili kabla ya kulala, tunapandisha baada ya wiki. Papa wa dada alianzishwa juu mno kwa umri wake.

Mwalimu_Bagira

Nimekubali kuhusu B6, nitaacha kuchoma. Lakini kwenye maji bado sijaridhika. Mzee hawezi kuoga maji ya baridi Bukavu mwezi wa saba. Na sisi hatuna bomba la maji ya moto, tuna mbabula, sufuria na ndoo. Mtu apime vipi?

Mama_Furaha_Ibanda

Naomba nijibu hilo mimi, kwa sababu mama mkwe wangu ana ugonjwa huu na mimi ndiye ninayemwandalia maji. Kwanza, maji ya baridi ndiyo yanayotangulia ndani ya ndoo, ya moto yanafuata. Ukianza na ya moto, ipo dakika moja ambayo ndoo ina maji yanayochemka peke yake, na mzee asiyeona vizuri anaweza kutumbukiza mguu hapo. Pili, ninapima kwa kikombe. Kopo moja la maji yaliyochemka kwa makopo manne ya maji ya bomba. Nakoroga hadi chini, kwa sababu ya moto yanapenda kubaki juu, halafu naweka kiwiko changu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Si kiwiko chake, na si mkono wake: mikono yake nayo imeanza kufa ganzi. Yakinipa joto la kunifurahisha mimi, ni ya moto mno kwake. Kiwiko kikisema hakuna joto wala baridi, hapo anaoga.

Muuguzi_Himbi

Mama, kipimo hicho kina hesabu nzuri nyuma yake. Bukavu iko juu, karibu mita 1500, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukichanganya sehemu moja ya hayo na nne za maji ya nyuzi 20 au 22, unapata kati ya 35 na 37. Sisi tunawaambia wagonjwa wasizidi 37. Ili mjue hatari ilivyo, maji ya nyuzi 60, ambayo mtu anayeyatazama hawezi kuyatofautisha na ya kuoga, yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Atakayetaka kutumia kipimajoto atafute cha maziwa au cha maji; kile cha homa chenye zebaki kinaishia 42, na ukikitumbukiza kwenye maji ya moto kinapasuka.

Fundi_Katuba

Kwetu Lubumbashi hesabu hiyo haifanyi kazi. Mwezi wa kumi maji ya pipa lililo juani yanatoka tayari yana joto, na yale ya kwanza ya mpira uliolala uani yanachoma kabisa. Kopo moja kwa manne litanipa maji ya kuchinjia kuku.

Muuguzi_Himbi

Si ya kuchinjia kuku, lakini una haki. Maji yako yakiwa nyuzi 25, moja kwa nne yatafika 39, na yakiwa 30 yatapita 43. Katika mwezi huo oga maji ya pipa bila kuongeza chochote, na ule mpira uache umwage maji ya kwanza chini. Kipimo cha makopo ni cha kuanzia tu, kiwiko cha mtu mzima asiye na ganzi ndicho kinachoamua.

Na nisisahau mbabula yenyewe. Watu wengi hapa kwetu na huko Bukavu wanaungua bila maji, wakiota moto huku nyayo zikielekea makaa. Mgonjwa anahisi miguu ni baridi hata ikiwa ya joto, anaisogeza, na hakuna kengele inayolia. Apewe soksi za pamba zisizobana, ageuze mgongo kwa moto, na chupa ya maji ya moto isiingie kitandani hata ikifungwa kitambaa. Moto wa makaa katika chumba kilichofungwa una hatari nyingine inayowahusu wote mnaolala humo, mnaijua.

Binti_wa_Kadutu

Narudi na habari. Daktari alimpa gabapentini kama Muuguzi alivyotabiri, 300 usiku, sasa ni 300 mara mbili. Metformini imepunguzwa na glibenklamidi imebadilishwa. Amitriptilini ilipoondoka mkojo ulirudi kuwa nafuu. Alikuwa akiyapa maumivu 8 juu ya 10, sasa anasema 5, ila anasinzia baada ya chai ya asubuhi. Kidonda kinafunga kutoka pembeni. Shuka lisimguse tumekata katoni kubwa pande mbili, tumeiweka miguuni pa kitanda, blanketi linapita juu yake. Hicho kikatoni kimemsaidia karibu sawa na dawa.

Bado ana tabia moja: usiku wa manane anaweka miguu kwenye sakafu ya simenti apate ubaridi. Je, nimkataze? Na moto ukiisha kabisa, aache dawa?

Muuguzi_Himbi

Kutoka 8 hadi 5 ni matokeo mazuri. Dawa hizi mara chache zinafuta maumivu yote, na nusu ndiyo tunayoitafuta. Mpe wiki chache kabla ya kusema haitoshi. Usingizi wa asubuhi mara nyingi hupungua, ukikaa mwambie daktari, anaweza kupunguza ya asubuhi. Isiachwe ghafla kwa siku moja.

Kuhusu simenti, wenzangu wenyewe hatukubaliani. Mimi naruhusu dakika chache akiwa ameketi, bila kutembea peku, na baada yake anatazamwa nyayo. Mwenzangu mmoja anakataza kabisa kwa sababu mgonjwa akizoea ataishia kwenye barafu, na barafu nayo inaunguza. Sina jibu la kufunga mjadala huo.

Moto ukiisha wenyewe bila dawa, usifurahi haraka. Wakati mwingine neva zimepona nafuu, wakati mwingine zimekufa na kunyamaza. Pima hivi: Papa afumbe macho, wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo, miguu yote miwili. Vidole sita. Akikosa kuhisi viwili au zaidi, mguu umepoteza hisia, hata kama hauumi.

Fundi_Katuba

Nimemwambia mke wangu anifanyie hivyo sasa hivi. Nimekosa vitatu, viwili vya kushoto na kimoja cha kulia. Lakini sina kidonda.

Muuguzi_Himbi

Papa, mwambie sasa hivi akutazame nyayo na katikati ya vidole, kwa taa. Atie pia mkono ndani ya viatu vya kazi, maana fundi anaweza kutembea na msumari siku nzima. Kisha andika hapa alichokiona, na kesho uende kliniki na hizo tramadoli mfukoni wazione.

Fundi_Katuba

Ameona. Hakuna kidonda, ila kuna sugu nene chini ya kidole gumba cha kushoto, na katikati yake kuna doa jeusi. Nilidhani ni lami.

Muuguzi_Himbi

Inaweza kuwa damu iliyovia chini ya sugu, na chini yake kunaweza kuwa na kidonda kisichoonekana. Usikate sugu hiyo kwa wembe, usipake kitu cha kuilainisha, na kesho usivae viatu hivyo vya kazi. Waonyeshe doa hilo kwanza, tramadoli baadaye.